Vita na kuundwa kwa dola: nadharia ya Tilly kwa mfano wa Brandenburg

Mwanasosholojia Charles Tilly aliandika mwaka 1975 kwamba vita viliunda dola, na dola ikafanya vita. Wanafunzi wengi hukariri sentensi hiyo, kisha hueleza kana kwamba wafalme walikaa chini wakapanga kujenga dola ya kisasa. Tilly alisema kinyume chake: mtawala alitaka kumshinda jirani yake tu. Askari wanataka mshahara, mshahara unataka kodi, na kodi haijikusanyi. Inahitaji watu wa kuhesabu mali, kuweka daftari na kumbana anayekwepa. Watu hao ndio urasimu.

Tazama Brandenburg, nchi ya Kijerumani iliyoharibiwa vibaya na Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648). Mtawala wake, Friedrich Wilhelm, hakuweza kutoza kodi bila idhini ya baraza lililotawaliwa na makabaila. Mwaka 1653 walipatana: baraza lilimpa sarafu za fedha, thala 530,000, za kulipwa kwa miaka sita, naye akathibitisha mamlaka ya makabaila juu ya wakulima wao. Kwa maneno mengine, gharama ya jeshi ilitwikwa mabegani mwa mkulima, ambaye hakuulizwa.

Mwaka 1655 vita vya Uswidi na Polandi vikaikumba nchi hiyo. Friedrich Wilhelm akaendelea kutoza kodi bila kungoja idhini, na sasa alikuwa na askari wa kumtisha anayekataa. Makamishna waliowekwa kulisha na kulipa jeshi wakawa ndio wakusanyaji wa kodi, kisha wasimamizi wa ushuru wa bidhaa mijini. Vita vilipokwisha ofisi zao hazikufungwa. Alipofariki mwaka 1688 aliacha jeshi la kudumu la askari wapatao 30,000, na mwaka 1723 mjukuu wake aliunganisha ofisi hizo za kijeshi na zile za mashamba ya mfalme, zikawa chombo kimoja cha kuendesha nchi.

Hapa ndipo msomaji makini huuliza: mbona Polandi, iliyopigana vita hivyo hivyo, haikupata dola ya namna hiyo? Makabaila wake hawakukubali mapatano kama yale. Mjumbe mmoja wa bunge lao aliweza kuzuia uamuzi wowote, kodi ikiwemo, na kufikia mwaka 1795 majirani walikuwa wameigawana nchi yote. Kwa hiyo vita huleta shinikizo tu. Jibu hutegemea nani ana nguvu ya kukataa kulipa.

Barani Afrika nadharia hii hubanwa zaidi. Mwanasayansi wa siasa Jeffrey Herbst, katika kitabu chake cha mwaka 2000, anaonyesha kwamba ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache, hivyo aliyechoshwa na kodi aliweza kuhama. Baada ya uhuru mipaka ikalindwa na makubaliano ya kimataifa, na serikali dhaifu haikuogopa kumezwa na jirani kama Polandi ilivyomezwa.