Mwonekano mmoja wa tovuti maana yake nini?

Tovuti ina mwonekano mmoja pale mteja anapotoka ukurasa wa mwanzo kwenda kwenye bei, kisha kwenye mawasiliano, bila kuhisi ameingia duka la mtu mwingine. Siri yake ni kwamba rangi, fonti na nembo zimeamuliwa mara moja na kuandikwa mahali pamoja, na kurasa zote zinachota hapo.

Nilimsaidia dada mmoja anayeuza vitenge. Nembo yake ni ya kijani na njano, na vitufe vyake vyote vilikuwa vya kijani. Nilipofungua kurasa mbili sambamba, kijani kimoja kilielekea bluu na kingine kilikuwa kimefifia, kwa sababu kila alipotengeneza ukurasa alichagua rangi kwa macho. Nembo nayo ilikuwa JPEG iliyopita simu nyingi. Kingo zake zilikuwa na ukungu, kwa hiyo kila ulipojaribu kuchota rangi humo ulipata kijani kingine. Tena JPEG haiwezi kuwa na mandhari ya uwazi, ndiyo maana ilikaa kwenye kisanduku cheupe juu ya kila ukurasa.

Tulimwomba mchoraji faili la asili la SVG, aina ya mchoro ambao rangi zake zimeandikwa kwa namba, tukasoma namba za rangi na kuziandika mara moja tu:

```css
:root {
  --kijani: #0B5D3B;
  --njano: #F2B705;
}
.kitufe { background: var(--kijani); color: #FFFFFF; }
```

Kisha kila rangi ikapewa kazi yake. Kijani ni cha vitufe na viungo. Njano ni ya mistari na mapambo, kamwe si ya maandishi juu ya nyeupe: utofauti wake wa mwangaza hapo ni kama 1.8 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zisomeke na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Maandishi meupe juu ya kijani kile yanakaribia 8 kwa 1. Fonti zikabaki mbili, ya vichwa na ya maelezo.

Kiolezo, yaani muundo wa tovuti uliotengenezwa tayari, ndicho kinachoponza wengi, maana huja kimevalishwa picha za kupendeza ambazo huna. Kijaribu kwa picha zako za simu na maneno yako halisi. Menyu iliyopangwa kwa neno fupi la Kiingereza inaweza kuvunjika mistari miwili ukiandika "Wasiliana nasi". Halafu, kabla hujakilipia, nenda kwenye mipangilio yake, badilisha rangi kuu iwe nyekundu kali, upitie kila ukurasa wa majaribio. Kitufe au kiungo kitakachobaki na rangi ya zamani kimeandikiwa rangi yake pembeni, na utalazimika kukisaka kwa mkono kila utakapobadilisha rangi. Vikiwa viwili vitatu vinavumilika. Vikizidi hapo, mimi hutafuta kiolezo kingine.