Oda Zisizo na Mteja: Akaunti za Majaribio na Manunuzi ya Wafanyakazi Ndani ya Ripoti ya Mauzo

Katika kazi ya kuchambua takwimu za maduka ya mtandaoni, swali ninaloanza nalo kila ninapokabidhiwa ripoti ya mauzo ni hili: je, kila oda iliyohesabiwa humu iliwekwa na mteja? Mara nyingi jibu ni hapana. Ndani ya jedwali la oda huwamo oda za wapimaji wa mfumo, oda za roboti zinazokagua kama duka liko hewani, na oda za wafanyakazi wa kampuni yenyewe. Zote hukaa katika safu zilezile, zikiwa na hali ileile ya `paid`, na programu ya ripoti haina sababu ya kuzitenga mpaka ielekezwe kufanya hivyo.

Wengi hudhani kwamba majaribio hufanyika katika mazingira ya majaribio peke yake, na kwamba hifadhidata ya mfumo halisi ni safi. Ukweli ni kwamba yapo mambo yasiyoweza kupimwa kikamilifu nje ya mfumo halisi: kama malipo yanapita hadi mwisho, kama risiti inamfikia mnunuzi, kama ghala linapokea agizo. Kwa hiyo wahandisi huweka oda za kweli kwa akaunti zisizo za kweli, na hawana kosa katika hilo. Tatizo huanza pale ambapo hakuna aliyeandika popote kwamba akaunti hizo si wateja.

Nitatumia mfano mmoja wa takwimu nilizozitunga, zilizo karibu na hali ninazokutana nazo kazini. Ripoti ya mwezi wenye siku 30 inaonyesha oda 9,000 na mapato ya 45,000,000, yaani wastani wa 5,000 kwa kila oda. Ukizitazama juu juu, hazina kasoro.

Hatua ya kwanza ni kuzipanga oda kwa akaunti, ili kuona ni nani wananunua kupita kiasi, na kama kiasi wanacholipa kinabadilika.

```sql
SELECT account_id,
       COUNT(*) AS oda,
       COUNT(DISTINCT amount) AS viwango
FROM orders
GROUP BY account_id
HAVING COUNT(*) > 50
ORDER BY oda DESC;
```

Juu kabisa inatokea akaunti moja yenye oda 1,440 na kiwango kimoja tu cha malipo, yaani 100. Gawanya 1,440 kwa siku 30, unapata oda 48 kwa siku, ambayo ni oda moja kila baada ya nusu saa, usiku na mchana. Hakuna binadamu anayenunua bidhaa ileile saa tisa usiku na saa tisa na nusu, kila siku, bila kukosa hata siku moja. Hiyo ni roboti ya ukaguzi: huingia dukani, huchagua bidhaa ya bei nafuu, hulipa kwa vocha ya ndani, na ikikwama popote hutuma tahadhari kwa wahandisi walio zamu. Inafanya kazi yake ipasavyo, ila kila inapofanya kazi inaongeza oda moja kwenye ripoti ya mauzo.

Kundi la pili halionekani kwa njia hiyo, kwa sababu wapimaji hutumia akaunti nyingi zenye oda chache chache. Hapo mimi huzipanga oda kuanzia yenye kiasi kikubwa, kisha nazilinganisha na taarifa ya makusanyo inayotoka kwa kampuni inayopokea malipo. Katika mfano wetu zinajitokeza oda 60, kila moja ya 50,000, nyingi zikiwa na vipande 99 vya bidhaa ileile, na namba zake za muamala hazimo kabisa katika taarifa ya makusanyo. Mpimaji alitaka kuona kama kapu linakubali idadi kubwa, akatumia njia maalumu ya malipo inayoruka hatua ya benki, na mfumo ukaandika kwamba oda imelipwa.

Ulinganisho huo ufanywe kwa namba ya muamala, oda moja moja, wala usiishie kwenye jumla. Fedha za mauzo ya leo zinaweza kuingia siku kadhaa baadaye, tena zikiwa zimekatwa ada, hivyo jumla mbili hazitalingana hata pale ambapo kila kitu ni safi. Aidha, oda zinazolipwa taslimu wakati wa kupokea mzigo hazitakuwamo katika taarifa hiyo, nazo ni za wateja halali. Zitengwe kwanza kabla ya kulinganisha.

Kundi la tatu ndilo linalozua mabishano. Wafanyakazi wameweka oda 300 kwa punguzo lao la asilimia 40, kila moja ikiwa na wastani wa 3,000, jumla 900,000. Tofauti na makundi mawili ya kwanza, hapa fedha imeingia na bidhaa imetoka ghalani. Wapo wachambuzi wanaoziondoa oda hizi pamoja na za majaribio kwa pigo moja, na kwa maoni yangu wanakosea, kwa sababu mapato yao yatapungukiwa na kiasi ambacho idara ya fedha inacho kihalali katika vitabu vyake. Hata hivyo, mtu wa masoko anayetaka kujua kama tangazo limevuta wanunuzi hapaswi kuwahesabu wenzake wa ofisi waliojulishwa punguzo kwa barua pepe ya ndani. Kwa hiyo mimi huzibakiza katika mapato na kuzitoa katika vipimo vya mwenendo wa wateja, na chini ya kila jedwali naandika ni kanuni ipi iliyotumika.

Sasa tupige hesabu kwa kuondoa makundi mawili ya kwanza tu. Oda zinashuka kutoka 9,000 hadi 7,500. Mapato yanapungua 144,000 ya roboti na 3,000,000 ya wapimaji, yanabaki 41,856,000. Ripoti ya awali ilikuwa imezidisha idadi ya oda kwa asilimia 20 na mapato kwa takriban asilimia 7.5. Lakini tazama wastani wa oda: ulikuwa 5,000, sasa ni takriban 5,581. Jumla zote mbili zilikuwa zimevimba, ilhali wastani ulikuwa umeshushwa, kwa kuwa roboti iliongeza oda nyingi zisizo na thamani. Meneja anayesoma ripoti ile angeweza kuamua kwamba wateja wananunua vitu vidogo vidogo na kuanzisha ofa ya kuwashawishi waongeze kapu, kumbe tatizo hilo halipo.

Mlinganisho wa mwezi kwa mwezi nao huharibika kwa namna isiyotabirika. Ikiwa mwezi uliopita roboti ilikuwa ikiweka oda kila saa, na mwezi huu imeongezewa kasi ikaweka kila nusu saa, basi ripoti itaonyesha ongezeko la oda 720 ambalo limetokana na mpangilio wa ratiba ya seva. Uchafu usiobadilika hupotosha kiwango. Unaobadilika huzalisha habari za uongo, na huo ndio ninaouogopa zaidi.

Baada ya kuzitambua oda hizi, watu wengi hukimbilia kichujio cha barua pepe, na hapo ndipo kosa jipya linapoingia. Kutafuta herufi `test` ndani ya anwani kutamwondoa mteja halali ambaye anwani yake ina neno kama `latest` au `contest`, huku kukimwacha mpimaji aliyejisajili kwa `jaribio` au `asdf`. Kichujio cha anwani za kampuni kina mtego mwingine ambao ni mgumu zaidi kuugundua:

```sql
WHERE email NOT LIKE '%@kampuni.example'
```

Mstari huu unaonekana kuwaondoa wafanyakazi tu. Lakini mteja aliyenunua bila kujisajili, akaacha namba ya simu pekee, ana `NULL` mahali pa barua pepe. Katika SQL, kulinganisha `NULL` na chochote hakutoi ndiyo wala hapana, na `WHERE` hupitisha safu zenye jibu la ndiyo pekee. Matokeo yake ni kwamba wageni wote wanatoweka kwenye ripoti bila onyo lolote. Nimeshuhudia ripoti iliyosafishwa kwa namna hii ikawa mbali zaidi na ukweli kuliko ilivyokuwa ikiwa chafu. Ikiwa lazima utumie kichujio hicho, tanguliza `email IS NULL OR` na uzungushie sharti zima mabano.

Njia ninayoipendelea ni kuwa na jedwali dogo linaloeleza aina ya kila akaunti isiyo ya mteja wa kawaida, pamoja na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Tarehe ni muhimu kwa sababu mfanyakazi huajiriwa na huondoka: manunuzi aliyoyafanya kabla ya kuajiriwa ni ya mteja, na atakayoyafanya baada ya kuacha kazi ni ya mteja vilevile.

```sql
SELECT COUNT(*) AS oda, SUM(o.amount) AS mapato
FROM orders o
LEFT JOIN account_class c
  ON c.account_id = o.account_id
 AND o.created_at >= c.valid_from
 AND (c.valid_to IS NULL OR o.created_at < c.valid_to)
WHERE c.class IS NULL OR c.class = 'staff';
```

Akaunti isiyo katika jedwali huhesabiwa kuwa mteja, mfanyakazi anabaki kwa ajili ya mapato, na roboti na wapimaji wanaondoka. Kwa ripoti ya masoko, futa sharti la mwisho ubakize `c.class IS NULL`. Angalizo moja tu: vipindi viwili vya akaunti moja visiingiliane, la sivyo oda moja ya mfanyakazi itahesabiwa mara mbili.

Sishauri kuzifuta oda zenyewe kutoka kwenye hifadhidata. Oda huunganishwa na risiti, na mizigo ya ghala, na marejesho ya fedha; ukifuta safu moja, nyingine zinabaki zikining'inia. Isitoshe, kanuni inayoishi kwenye ripoti inaweza kutumika kwa miezi iliyopita pia, na ni lazima itumike, kwa kuwa ukiilinganisha Juni iliyosafishwa na Mei ambayo haikusafishwa utaona anguko la mauzo ambalo halikutokea.

Jedwali hilo huchakaa haraka kuliko watu wanavyodhani. Mhandisi hufungua akaunti mpya ya majaribio siku ya toleo jipya na kusahau kumjulisha mtu. Kwa sababu hiyo mimi huchora kando grafu ya oda zilizoondolewa kila siku, kwa kila aina. Mstari wa roboti unapaswa kusimama kwenye 48. Ukishuka ghafla hadi sifuri, mimi huangalia kwanza oda za wateja za siku hiyohiyo: zisipobadilika, roboti imezimwa au imekwama, zikiwa zimepanda kwa takriban 48, roboti imebadilishiwa akaunti, na namba ya akaunti mpya hupatikana kwa lile swali la kwanza la `GROUP BY` mara oda zake zinapozidi 50.