Anaona ugali, samaki hamuoni: macho mazima, shida iko wapi?

"Dada yangu alimwaga damu nyingi sana alipojifungua akazimia, akapona, macho kapimwa wakasema mazima, ila ukimwekea ugali na sato anaona ugali tu, samaki hamuoni, na mkono ukienda kuchukua unatua pembeni ya sahani. Inakuwaje mtu anaona halafu haoni?"

Kaka, kwa ulivyoeleza hii hali inafanana sana na kitu kinaitwa sindromu ya Balint, na hapo shida haiko machoni kabisa. Jicho linapeleka picha nyuma ya kichwa, kule kisogoni, na kutoka kule habari inagawanyika njia mbili. Njia ya chini inapita pembeni usawa wa masikio, hiyo ndo inakwambia hiki ni nini, ni samaki, ni kijiko, ni sura ya shangazi. Njia ya juu inapanda kuelekea utosini kwa nyuma, sehemu inaitwa parieto, na yenyewe kazi yake ni kujua kitu kiko wapi, viko vingapi, mkono uende wapi, jicho lihamie wapi. Dada yako anasema "huu ni ugali" kwa hiyo njia ya chini inafanya kazi, kinachoonekana kuumia ni ile ya juu, tena kulia na kushoto kwa pamoja.

Na kwa nini kumwaga damu kuguse hapo hapo? We unaijua Mwanza, nyumba za juu kule kwenye mawe, Igogo au Mabatini, presha ya maji ikishuka wa kwanza kukosa ni yule aliye mwisho wa bomba, wa bondeni bado anachota. Kwenye ubongo nako hiyo sehemu ya parieto kwa nyuma ipo mpakani, mshipa mkubwa wa katikati unaishia hapo na mshipa wa nyuma nao unaishia hapo, kwa hiyo presha ya damu ikianguka vibaya kwa muda mrefu, eneo hilo la mpakani ndo linakauka kwanza, na kwa kuwa presha inashuka mwili mzima, pande zote mbili zinaumia siku moja. Kuna sababu nyingine pia, moyo kusimama, risasi, aina fulani ya ugonjwa wa kusahau ambayo inaanzia nyuma ya ubongo, ila kwa mama aliyetoka kujifungua ningeanza kuwaza hii ya damu.

Jina lenyewe ni la daktari wa Budapest, Rezső Bálint, aliyeandika mwaka 1909 kuhusu mgonjwa wake mmoja. Huyo bwana alikuwa akishika nyama kwa uma mkono wa kushoto, kisu cha mkono wa kulia kinaitafuta nyama nje ya sahani, na akitaka kuwasha sigara moto anauweka katikati ya sigara badala ya kwenye ncha. Lakini akiambiwa aguse sehemu za mwili wake mwenyewe, mkono ule ule wa kulia unafika bila kukosea. Hapo ndo pana siri yote. Mkono una nguvu, mkono unahisi, ila ukiongozwa na jicho unapotea.

Sasa nikueleze inavyopimwa, maana ndani yake kuna vitu vitatu na kila kimoja kina kipimo chake, na vinachanganyana kweli kweli. Mi nafanya mazoezi tiba hapa Mwanza na nilishawahi kukaa na mama mmoja muuza dagaa wa Kirumba, naye baada ya uzazi uliomwaga damu nyingi, tukampima mimi na daktari asubuhi nzima. Kwao walishaanza kusema anajifanya, kwa sababu jana kaona shilingi mia imeanguka chini halafu leo kagonga meza. Wengine wanasema karogwa. Iliniuma, kwa sababu kuona kidogo na kukosa kikubwa ndo tabia ya ugonjwa wenyewe.

Cha kwanza ni simaltanagnosia, yaani kuona kitu kimoja tu kwa wakati, kingine kinafutika hata kama kimelaliana nacho. Tulianza na herufi moja moja kwenye kadi, akasoma hata ndogo, kwa hiyo macho yapo. Kisha nikapanga vizibo vya soda mezani vikatengeneza herufi A kubwa, nikamuuliza unaona nini, akasema kizibo. Na kingine? Akakaa, akasema kizibo. Herufi hakuiona kabisa, na si kwamba hajui kusoma. Tukampa picha ya ziwani yenye mtumbwi, wavuvi, nyavu na watoto wanaoga, mtu wa kawaida anakwambia wavuvi wanarudi, yeye akasema "kofia", kimya, baadaye "mguu", kimya, na hadithi ya picha haikuja mpaka mwisho.

Kipimo kilichonigusa zaidi ni cha pembetatu mbili zilizolaliana zikafanya nyota. Nilichora zote kwa kalamu ya bluu, akasema nyota. Nikachora upya ile ile, pembetatu moja nyekundu moja ya kijani, akaona pembetatu nyekundu peke yake, ya kijani haipo. Mistari imekaa pale pale, ukubwa ule ule, ila rangi ikishazigawa kuwa vitu viwili ubongo unabeba kimoja tu. Aleksandr Luria wa Urusi ndo alionyesha jambo hili kwa wagonjwa wake, na mpaka leo ukikifanya mwenyewe unabaki umeshika karatasi huna la kusema. Sasa rudi kwenye sahani ya dada yako, ugali na samaki ni vitu viwili.

Hapa pana mtego. Ukimpima uwanja wa kuona kwa ile njia ya kawaida, mgonjwa akutazame puani na we utikise vidole pembeni, atasema sioni, utaandika kipofu wa pembeni, kumbe pua yako imemshika na kidole kimefutika. Ndo maana kipimo kinarudiwa mara kadhaa ukiangalia kama majibu yanabadilika, eneo lililokufa kweli halionekani leo wala kesho, lakini la simaltanagnosia linakuja na kupotea. Na wengine wana vyote viwili, hasa upande wa chini.

Cha pili ni ataksia ya kuona, mkono kukosa kile ambacho jicho linakiona. Nilishika kalamu mbele yake, na kabla ya yote nikamuuliza hii nini na rangi gani, akasema kalamu, nyekundu. Usiruke hilo swali, kwa sababu kama hajaiona kalamu kabisa halafu mkono ukakosa, hujapima mkono, umepima tena kile cha kwanza. Akanyoosha mkono, ukatua kama upana wa kiganja kulia kwa kalamu, ukaanza kupapasa hewani mpaka ukaigusa kwa bahati. Tukafanya mkono wa kulia, wa kushoto, kalamu ikiwa kati, juu, chini, pembeni kila upande, kwa sababu kuna mtu anakosa kwa mkono mmoja tu au upande mmoja tu, na mwenye tatizo jepesi anakosa ikiwa pembeni tu, akiitazama moja kwa moja anaipata.

Kisha nikamwambia mama fumba macho, gusa pua yako, gusa goti, gusa dole gumba la mkono mwingine. Akagusa vyote safi. Hiyo tofauti ndo jibu lenyewe. Mtu mwenye shida ya serebela, ile sehemu ya ubongo ya kuweka mwendo sawa, mkono wake unatetemeka ukikaribia na anakosa pua yake pia, huyu mama mkono hautetemi, unaenda umenyooka kabisa, ila unaenda pasipo. Tulikata pia tundu refu kwenye boksi tukamwambia atumbukize kadi, tukalizungusha boksi likae wima, likae mshazari, kadi ikawa inakuja imelala kila mara, kiganja hakijui kujigeuza. Nikamuuliza tundu limekaaje, akasema limesimama, na akapatia.

Cha tatu ni apraksia ya mtazamo, macho kushindwa kwenda anapoyatuma. Huyu mama ukimtazama kwanza ungedhani haoni, macho yanazurura juu ya kichwa chako. Nikasema nitazame kidole changu, macho yakatangatanga, yakapita karibu, yakapitiliza, na yakishatua kwa bahati yananasa hapo hapo kama yamegandishwa, mpaka nizibe kile kitu kwa kiganja ndo yanaachia. Sasa utajuaje si misuli ya macho imepooza? Daktari akamshika kichwa akakigeuza taratibu kulia na kushoto, macho yakabaki yanaelekea mbele vizuri kabisa, yaani misuli na neva zake nzima. Kisha nikamshika dole gumba lake mwenyewe nikalisogeza kushoto, nikamwambia litazame dole lako, macho yakaenda. Nikapiga kidole karibu na sikio la kulia, macho yakaruka kulia yenyewe. Kwa hiyo mwili unayaita yanaitika, sauti inayaita yanaitika, kinachoshindwa kuyaita ni kitu cha kuonekana, kwa sababu ramani ya kuonyesha kiko wapi ndo imeharibika.

Na hapo utaona kwa nini tunapima kwa mpangilio. Jicho lisipotua kwenye kalamu mkono unalazimika kufuata kona ya jicho, basi utakosa zaidi, kwa hiyo unasogeza kalamu yalipo macho kwanza ndo umwambie ashike. Na mgonjwa akiwa amechanganyikiwa au haelewi maneno, majibu yote haya hayana maana, subiri kwanza atulie.

Kwa dada yako mpelekeni kwa daktari wa ubongo na neva, mwambieni maneno yale yale uliyoniambia mimi ya ugali na sato, ombeni na siti skani au emaarai ikipatikana. Nyumbani sahani iwe ya rangi moja isiyo na maua, weka kitu kimoja kimoja, mfundisheni kutambaza kidole toka ukingo wa meza mpaka kigonge sahani, jikoni asiwe peke yake na moto. Wengine wanapata nafuu miezi ya mwanzo, wengine inabaki.

Yule mama wa Kirumba shida yake kubwa ilikuwa mtoto. Akifungua macho anaona sikio la mtoto, mdomo haupo, chuchu anaipeleka shavuni, mtoto analia na yeye analia. Tukamwambia mama fumba macho, mkono wa kushoto ufuate shavu mpaka mdomoni, huku unasikiliza anakolia. Mtoto akanyonya siku ile ile.