Kitundu kidogo juu ya sikio kinawezaje kuliharibu sikio zima?

“Mbona mimi nilitogwa ndewe utotoni zikapona zenyewe, lakini binti wa dada yangu katoboa juu ya sikio mara moja tu, likavimba, na sasa limekunjamana halirudi tena?”

Tofauti iko ndani ya sikio. Ndewe ni ngozi na mafuta, na damu inapita humo kwa wingi. Kidonda cha hapo kikiingiwa na vijidudu, damu huleta chembe za kinga haraka, na dawa ukiimeza inafika. Ukipandisha kidole kutoka kwenye ndewe, utahisi mahali nyama inapoishia na kitu kigumu chenye kunepa kinapoanza. Hilo ndilo gegedu, na ndani yake hamna mshipa hata mmoja wa damu. Linaishi kwa hisani ya utando mwembamba uliolifunika mbele na nyuma. Mishipa ya damu imo kwenye utando huo, na chakula na oksijeni hupenya polepole kutoka hapo hadi ndani ya gegedu.

Sasa hereni inapita katikati. Inatoboa ngozi, utando, gegedu, kisha utando na ngozi ya upande wa pili. Vijidudu vikiingia, usaha hujikusanya kati ya utando na gegedu, na kadiri unavyoongezeka ndivyo unavyouinua utando na kuubandua. Sehemu iliyobanduliwa imekatiwa chakula, na ndani ya siku chache huanza kufa. Ikishakufa haina tena uwezo wa kujikinga, kwa hiyo vijidudu huendelea kustawi juu yake, usaha unazidi, na utando unabanduka mbele zaidi. Hivyo ndivyo tatizo la kitundu kimoja linavyoweza kutambaa hadi ukingo mzima wa juu.

Gegedu lililokufa halioti tena. Mwili huziba pengo kwa kovu, na kovu lina tabia ya kujivuta kadiri linavyokomaa. Umbo lote la sikio, mikunjo yake na ule ukingo uliojiviringa, linashikiliwa na gegedu tu. Likiondoka, ngozi haina kitu cha kuisimamisha: ukingo unaporomoka, sikio linajikunja na kubaki na vinundu. Ndiyo maana uvimbe unaweza kuisha kabisa, maumivu yakaisha, na sikio lisirudi lilivyokuwa.

Kisa kilichochunguzwa vizuri kuliko vingi kilitokea mwaka 2000 katika mji wa Klamath Falls, jimbo la Oregon, Marekani. Vijana waliotoboa masikio kwenye kibanda kimoja cha vito walianza kufika kwa madaktari wakiwa na masikio yaliyovimba. Maofisa wa afya waliwatafuta wateja wengine wa kibanda hicho, wakawahoji watu 118. Walithibitisha maambukizi kwa watu 7, na wengine 18 walishukiwa kuwa nayo. Wote 7 walikuwa na umri wa kati ya miaka 10 na 19, na wote walikuwa wametobolewa kwenye gegedu kwa bunduki ya kutobolea. Wanne walilazwa hospitali, wanne walipasuliwa ili usaha utoke, na baadhi yao walibaki na masikio yaliyoharibika.

Kijidudu kilikuwa sudomonasi, bakteria anayependa majimaji: kwenye masinki, mabomba, sponji zenye unyevu. Alikutwa hata ndani ya chupa ya dawa ya kuulia vijidudu iliyokuwa ikitumika pale kibandani. Dawa iliyotakiwa kumlinda mteja ndiyo iliyombebea ugonjwa. Sudomonasi anaweza kuishi ndani ya baadhi ya dawa hizo, hasa chupa inapojazwa tena na tena bila kusafishwa.

Bunduki yenyewe nayo ina lawama yake. Haitoboi kwa ncha kali kama sindano. Inaisukuma hereni butu kwa nguvu ya springi. Kwenye ndewe, nyama laini inaachia njia. Kwenye gegedu, msukumo huo unaweza kulipondaponda na kuubandua utando pale pale, kabla kijidudu chochote hakijafika. Isitoshe, bunduki nyingi zina sehemu za plastiki zisizostahimili joto la mashine ya mvuke ya kutakasia vifaa, kwa hiyo zinafutwa tu na kutumika kwa mteja anayefuata.

Kuna jambo jingine katika kisa cha Oregon ambalo naliona zito kuliko yote, kwa sababu kwetu linatokea kila siku. Wengi wa wagonjwa wale walianza kupewa antibiotiki zisizomuua sudomonasi. Fikiria mtu wa Dar es Salaam au Mombasa ambaye sikio limemvimba. Anakwenda duka la dawa, anapewa amoksilini au ampikloksi, anameza siku tano akisubiri nafuu. Dawa hizo hazimfanyi sudomonasi kitu, na siku hizo tano ndizo gegedu linazokufa. Kwa mtu mzima, dawa ya vidonge inayomfikia mara nyingi ni siprofloksasini. Kwa mtoto au mjamzito daktari ndiye wa kuamua, kwa kuwa si dawa ya kumpa kila mtu.

Utajuaje kwamba hali imefika huko? Maumivu kidogo na wekundu kuzunguka tundu siku za mwanzo ni kawaida ya kidonda. Kinachotisha ni wekundu unaotoka kwenye tundu na kuenea sehemu yote ya juu, sikio likawa la moto, mikunjo yake ikajaa na kupotea, na kulikunja kidogo tu kukawa hakuvumiliki. Kisha itazame ndewe. Kama sikio lote la juu limeiva na ndewe imebaki na rangi yake, ugonjwa uko kwenye gegedu, maana ndewe haina gegedu la kuugua. Ukigusa ukahisi sehemu inayobonyea kama yenye maji ndani, huenda usaha umeshajikusanya, na hapo vidonge peke yake havitoshi.

Mtu wa namna hiyo anatakiwa afike hospitali siku hiyo hiyo, ikiwezekana kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hereni hutolewa. Usaha ukiwepo, sehemu ile hupigwa ganzi na kupasuliwa, usaha kidogo hupelekwa maabara kujua ni kijidudu gani na dawa gani inamuua, kidonda huoshwa, na kipande cha gegedu kilichokufa huondolewa. Baada ya hapo sikio hufungwa kwa pamba au shashi zinazoligandamiza mbele na nyuma, ili utando ulale tena juu ya gegedu na pasibaki nafasi ya majimaji kujikusanya upya. Kusubiri “lipasuke lenyewe” ni kumwacha sudomonasi aendelee kula.

Kwa binti ambaye sikio limeshakunjamana, njia iliyopo ni upasuaji wa kulijenga upya. Daktari husubiri miezi kadhaa hadi uvimbe uishe kabisa na kovu litulie, kisha huchukua gegedu la sehemu nyingine ya mwili. Kwa uharibifu mkubwa hulitoa kwenye ubavu, akalichonga lifuate umbo la ukingo na kulipachika chini ya ngozi. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kwa sababu ngozi iliyokwisha shika kovu haitanuki vizuri, na hata kwenye mikono hodari sikio jipya huwa nene na gumu kuliko lile la upande wa pili.