Kabla hujajitolea kuacha kiti cha ndege, uliza kiti kingine kiko wapi

Tangazo lenyewe huwa fupi. Abiria wamekwisha kukusanyika getini, kipaza sauti kinakoroma, kisha mhudumu anasema ndege ya leo imejaa kupita idadi ya viti na wanatafutwa watu wawili au watatu wa kuondoka na ndege ya baadaye kwa hiari yao, nao watapewa vocha. Baadhi ya watu huinuka papo hapo wakiwa wamesikia neno moja tu: vocha. Wengi wa wanaotuletea malalamiko baadaye katika dawati letu la haki za abiria wanatoka katika kundi hilo. Hawakudhulumiwa, ila walikubali kabla ya kuuliza.

Tuanze na sababu ya tangazo hilo, maana ndiyo inayokupa nguvu ya kujadiliana. Shirika la ndege huuza tiketi nyingi kuliko viti kwa kuwa linajua siku zote wapo wasiotokea: waliochelewa, waliobadili safari, waliokwama kwenye ndege ya kuunganisha. Hesabu hiyo mara nyingi hutoka sawa, na usiku wa siku hiyo hakuna aliyejua kwamba tiketi zilizidi. Ikikosea, watu wenye tiketi halali wanakuwa wengi kuliko viti. Zamani walioachwa walichaguliwa tu na shirika, kimyakimya. Mwaka 1968 mwanauchumi Mmarekani Julian Simon alipendekeza jambo lililochekwa wakati huo: abiria waulizwe wenyewe wako tayari kubaki kwa bei gani, na wa bei ndogo ndio wabaki. Miaka kumi baadaye, 1978, Marekani iliingiza katika kanuni zake sharti la kutafuta wa hiari kwanza kabla ya kumzuia yeyote kwa lazima. Ulaya nayo ina sharti kama hilo katika Kanuni namba 261 ya mwaka 2004. Kwa hiyo lile tangazo la getini ni mnada. Mnadi anaanza na bei ya chini kwa sababu wanadi wote huanza hivyo.

Kuna mpaka mmoja ambao abiria wengi hawauoni, na kila kitu kinachofuata kimesimama juu yake. Anayejitolea na anayezuiwa kwa lazima hawako sawa mbele ya sheria. Aliyezuiwa kwa lazima ana fidia iliyoandikwa. Katika ndege zinazoondoka viwanja vya Umoja wa Ulaya, fidia hiyo ni euro 250 kwa safari isiyozidi kilomita 1,500, euro 400 kwa nyingine za hadi kilomita 3,500, na euro 600 kwa ndefu zaidi zinazotoka nje ya Umoja huo. Inaweza kupunguzwa nusu iwapo atapelekwa kwa ndege nyingine na kufika bila kuchelewa sana. Hulipwa fedha, si vocha, labda mwenyewe aridhie kwa saini. Juu yake anapewa chakula, na hoteli akilazimika kulala njiani. Aliyejitolea amebakiwa na haki moja tu iliyoandikwa: kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kufikishwa anakokwenda kwa njia nyingine. Mengine yote, hata sahani ya chakula, ni yale aliyoyadai na kukubaliwa pale kaunta. Usipoyataja, hayapo.

Ndiyo maana nasema fidia ya lazima iwe kipimo chako mfukoni hata kama huna nia ya kuzuiwa kwa lazima. Usipopatikana wewe wala mwingine, shirika litalazimika kumlipa mtu kiwango hicho. Marekani utaratibu wake unafanana na huo, ila fidia ya lazima hukokotolewa kwa nauli: asilimia 200 au 400 ya nauli ya kwenda, kulingana na muda utakaochelewa, na kuna kikomo. Anayefikishwa ndani ya saa moja baada ya muda wake wa awali hapati kitu. Kwa wa hiari, kanuni za Marekani hazijaweka kikomo chochote. Baada ya tukio la Chicago la Aprili 2017, abiria alipoburutwa kutoka kwenye kiti kwa sababu ofa ya dola 800 haikupata wa kutosha, mashirika mawili makubwa ya huko yalitangaza kwamba wafanyakazi wao wanaweza kupanda hadi karibu dola 10,000. Usitegemee kuiona hela hiyo. Ninaitaja ili ujue kwamba "hicho ndicho kiwango chetu" mara nyingi maana yake ni "hicho ndicho kiwango ambacho mimi, bila kumwita msimamizi, ninaruhusiwa kutoa".

Sasa tumchukue abiria wa mfano. Anaondoka kwenye uwanja mmoja wa Ulaya saa 8:00 mchana, safari ya kilomita 2,000, na alitarajia kufika saa 11:00 jioni. Yuko peke yake, ana begi la mkononi tu, na mkutano wake ni kesho kutwa. Huyu ndiye hasa anayefaa kujitolea. Mwenye begi lililokwisha kupakiwa, au mwenye tiketi ya pili aliyoinunua kando kwa shirika jingine, afikirie mara mbili. Tangazo linasema vocha ya euro 250, na ndege inayofuata ni ya saa 2:00 usiku.

Haanzi na pesa. Anasogea kaunta, anasema yuko tayari kusikiliza, kisha anauliza: "Samahani, kwenye hiyo ndege ya saa mbili nina kiti kilichothibitishwa, au naingia orodha ya kusubiri?" Mhudumu anabonyeza, anatazama skrini, anakaa kimya kidogo. Ndege ya saa mbili nayo imejaa. Angemwandika kwenye orodha ya kusubiri, na kiti cha uhakika kipo kesho saa 1:00 asubuhi. Hapo bei yote imebadilika. Kilichoonekana kuwa saa sita za kusubiri kimekuwa usiku mzima, na angefika saa 4:00 asubuhi, saa 17 baada ya muda wake. Angekubali vocha kwanza na kuuliza baadaye, angelala kwenye kiti cha chuma akingoja jina lake liitwe. Swali la kiti, kwa mtazamo wangu, lina thamani kuliko kiasi chochote kinachotajwa kwenye kipaza sauti, na ni la bure.

Sasa anajadiliana kwa kipimo. Kwa umbali wake, anayezuiwa kwa lazima angelipwa euro 400 taslimu, pamoja na hoteli. Anasema kwa upole kwamba kwa kulala njiani anaomba kiti cha kesho asubuhi kithibitishwe sasa, hoteli na usafiri wa kwenda na kurudi, chakula cha jioni na kifungua kinywa, na euro 400 za fedha. Mhudumu anajibu kwamba fedha hawezi, vocha anaweza hadi 400. Hapo abiria anaacha kubishana juu ya namba na kuanza kuuliza vocha hiyo ni ya namna gani. Inaisha lini? Ikibaki salio, linaendelea au linapotea? Inatumika kwa jina lake tu au hata kwa mwanawe? Inalipa kodi za tiketi au nauli peke yake? Kuna tarehe isizofanya kazi? Anajibiwa kwamba inadumu miezi 12 na hutumika mara moja. Kwake yeye, asiyesafiri na shirika hilo zaidi ya mara mbili kwa mwaka, vocha ya 400 ya namna hiyo ni kama 250 mkononi, pengine pungufu. Anaeleza hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Msimamizi anaitwa, na wanafikia vocha mbili za 300 zinazotumika kwa safari tofauti, hoteli, usafiri, milo miwili, na kiti cha mbele kesho. Je, ni zaidi ya euro 400 taslimu? Kwake, kwa sababu anajua atasafiri mara mbili ndani ya mwaka, ndiyo. Asiyejua atasafiri lini angeshikilia fedha, na kama fedha hazipo, angerudi kukaa.

Kurudi kukaa ni silaha halali, ila ina ncha mbili. Dakika zinavyokwisha na wa hiari hawapatikani, ofa hupanda. Lakini abiria mwenye haraka kidogo kuliko wewe anaweza kuichukua, au wasiotokea getini wakazidi na kiti kikapatikana. Njia ya katikati ninayoipenda ni kumwambia mhudumu mapema: "Niandike mimi wa kwanza, lakini iwapo mwingine atapewa zaidi, nami nipewe sawa naye." Wengi hukubali, kwa kuwa haiwagharimu chochote mpaka ofa ipande. Mashirika mengine siku hizi hukuuliza kwenye simu wakati wa kujisajili kwa safari kwamba utaacha kiti kwa kiasi gani. Abiria huandika kiasi kidogo wakidhani kidogo ndicho kinachoshinda, na kweli kinashinda, kisha wanalipwa hicho hicho kidogo. Andika kiasi ambacho hutakijutia, au acha tupu usubiri geti.

Kabla ya kuiachia pasi yako ya kupandia ndege, omba makubaliano yawe kwenye karatasi au barua pepe, hata kama ni mistari minne ya mhudumu na jina lake. Kisha tazama mambo mawili kwenye tiketi mpya. La kwanza, tiketi iwe imetolewa upya, si kuandikwa pembeni tu, na safari yako ya kurudi ionekane bado ipo. Mfumo ukikuhesabu kama mtu ambaye hakutokea, unaweza kufuta sehemu zote za safari zilizobaki, na utagundua siku ya kurudi ukiwa kaunta na begi. La pili ni njia yenyewe. Njia mpya ikipitia nchi nyingine, huenda pasipoti yako ikahitaji viza ya kupita huko, hata kama hutoki nje ya uwanja. Mhudumu anayeshughulika na foleni hafikirii pasipoti yako; fikiria wewe.

Na begi likiwa limeshaingia tumboni mwa ndege, uliza litashushwa au litatangulia. Likitangulia, toa dawa na chaja kwanza, kama bado unalifikia. Vinginevyo waambie wakupe vifaa vya kulalia; hoteli nyingi wanazokupeleka hazina hata mswaki, na duka la uwanjani hufungwa mapema.