Asilimia ya kigunduzi: jinsi ya kuisoma kabla hujawasilisha kazi

Kigunduzi cha akili unde ni programu inayokisia kama andiko limetoka kwa mtu au kwa mashine. Hakijui aliyeandika. Kinaangalia sifa za maandishi, hasa kama maneno yanafuatana kwa namna inayotabirika. Kwa hiyo ukijipima nacho kabla ya kuwasilisha kazi, unachopata ni dokezo la wapi pa kurudia kusoma, wala si hukumu.

Chukua mwanafunzi wa uzamili hapa Dodoma, anayeandika kwa Kiingereza tasnifu kuhusu wakulima wa zabibu wa Hombolo. Anapitisha sura ya tatu, ya mbinu za utafiti, anapewa 38%. Kwanza ajue namba hiyo inapima nini. Kwenye Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi, maana yake ni kwamba programu inadhani 38% ya maandishi yametoka kwa mashine. Programu nyingine hutoa uwezekano kwamba andiko zima limetoka kwa mashine. Tena namba hiyo si asilimia ya ufanano, ile inayolinganisha kazi yako na kazi za wengine. Namba za kati ya 1 na 19 Turnitin haizionyeshi, huweka kinyota, kwa sababu huko makosa ni mengi zaidi.

Kisha afungue sentensi ambazo programu imezipaka rangi kwa kuzidhania za mashine. Mara nyingi atakuta zile za kuelezea sampuli na hojaji, ambazo kila tasnifu huziandika karibu vilevile. Anayeandika Kiingereza cha kujifunza shuleni yuko hatarini zaidi: mwaka 2023 watafiti wa Stanford walijaribu vigunduzi saba kwa insha za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu zilidhaniwa ni za mashine.

Tufanye hesabu ya mfano. Wanafunzi 100, kumi wametumia mashine, 90 wameandika wenyewe. Kigunduzi kinawanasa wanane kati ya wale kumi, na kinakosea kwa mmoja katika kila kumi wa waliobaki, yaani tisa. Walioonywa ni 17, na zaidi ya nusu yao hawana kosa.

Sasa tuseme amepata 0%. Asistarehe bado. Maandishi ya mashine yakibadilishwa maneno kidogo huweza kupita bila kuonekana, na rejea ya kubuni haipakwi rangi. Rejea azifungue moja moja.

Kwa ile 38%, asikimbilie programu za kulainisha maandishi ili namba ishuke; hizo ndizo zinazoingiza mashine kwenye kazi iliyokuwa yake. Aongeze alichokifanya kweli: kaya alizipataje, kwa nini aliacha kitongoji fulani, swali gani la hojaji alilibadilisha baada ya majaribio. Kama kuna aya iliyotoka kwa mashine, aiondoe au aitaje kwa msimamizi kadiri taratibu za chuo zinavyoruhusu. Na atunze rasimu zenye tarehe pamoja na madaftari ya uwandani, kwa kuwa akiulizwa, hivyo ndivyo vitakavyoonyesha kazi ilivyokua.