Uzi kiolezo wa DNA hausomwi moja kwa moja kwenye jedwali la kodoni

“Nina picha ya uzi kiolezo wa DNA. Si nabadilisha tu T kuwa U, halafu nasoma jedwali kuanzia kushoto?”

Njia hiyo inafaa kwa uzi wa pili, ule unaofanana na mRNA. Kiolezo chenyewe huandikiwa herufi za kuoana nacho: A hupata U, T hupata A, C hupata G, na G hupata C.

Tuseme picha inaonyesha:

```
3'-TAC CGA TTT ACT-5'
```

mRNA yake ni:

```
5'-AUG GCU AAA UGA-3'
```

Jedwali linatoa methionini, alanini, lisini, kisha UGA, ambayo ni kituo na haiongezi asidi amino. Ukibadilisha T pekee utapata tirosini, arijinini, fenilalanini na threonini: mnyororo mwingine kabisa, na hauna kituo.

Mtego mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni zile namba za pembeni, ambazo picha mara nyingi huzikata. Uzi uleule ukichapwa 5'-TCATTTAGCCAT-3', anzia kulia, kwenye 3', huku ukiandika mRNA kutoka 5'. Ukianzia kushoto, kodoni ya kwanza itakuwa AGU, yaani serini.

Kuza picha utofautishe C na G, kisha hesabu herufi. Hapa ni 12. Ikikosekana moja, kodoni zote zinazofuata huhama. AUG mwanzoni ni dalili nzuri, ila kipande cha katikati ya jeni huenda kisiwe nayo.